Siku moja maishani mwangu: siku ya kuchagua mitamba Pongwe

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya adhana. Leo napima mbuzi, na mbuzi hupimwa kabla hajala wala kunywa. Tumbo likishajaa majani na maji, mizani inasoma chakula badala ya mwili, na kwa mtoto wa kilo 10 kosa hilo si dogo. Jana jioni niliwatenga watoto, nikawaachia mama zao huru.

Tupo Pongwe, pembezoni mwa jiji la Tanga. Zizi letu lina majike 30 ya mbuzi, chotara wa Gala na wa asili, na kondoo wachache wa mama mkwe. Kila mwaka natoa majike 5 au 6: wazee, wagonjwa wa kiwele, na matasa. Nafasi zao lazima zijazwe na mitamba ya hapa hapa. Mwaka huu majike waliozaliwa ni 13, na nahitaji 7.

Saa 12 asubuhi. Mizani ya kuning'iniza imefungwa kwenye tawi la mwembe, chini yake gunia lililokatwa matundu manne ya miguu. Kijana anayechunga anashika, mimi nasoma na kuandika. Namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa, uzito wa leo, alizaliwa peke yake au pacha, na je, pacha mwenzake alinyonya hadi mwisho? Hilo la mwisho watu wengi hulisahau. Pacha ambaye mwenzake alikufa siku ya tatu amenyonya kama mtoto wa pekee, kwa hiyo namhesabu upande huo.

"Dada, huyu 48 mwache," kijana ananiambia. "Pacha wake dume. Atakuwa tasa."

Nimeshayasikia hayo mara nyingi. Yametoka kwa ng'ombe. Kwa ng'ombe, ndama jike aliyezaliwa pamoja na dume mara nyingi kweli ni tasa, kwa sababu damu zao zilichanganyika tumboni. Kwa mbuzi na kondoo hutokea kwa nadra sana. Ninachofanya ni kumgeuza na kumtazama nyuma: uke uwe wa kawaida, usiwe na kinundu kinachochomoza kama kidole kidogo. Wa 48 yuko sawa. Kwa mbuzi namwogopa zaidi mtoto wa baba na mama wote wasio na pembe, maana huko ndiko huzaliwa wasioeleweka kama ni jike au dume. Ndiyo maana beberu wetu ana pembe.

Saa 2 asubuhi. Chai na mihogo, daftari mezani. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo jicho hudanganya.

Chukua wawili. Wa 41 alizaliwa peke yake, kilo 2.4, leo ana siku 96 na kilo 12.0. Wa 48 ni pacha, alizaliwa na kilo 1.9, leo ana siku 80 na kilo 9.1. Ukiwasimamisha pamoja, hakuna atakayemchagua wa 48. Lakini mmoja ana siku 16 zaidi, na alikuwa na chuchu mbili peke yake.

Kwanza nawaweka wote kwenye siku 90. Natoa uzito wa kuzaliwa kwenye uzito wa leo, nagawanya kwa siku, nazidisha kwa 90, kisha narudisha uzito wa kuzaliwa:

```
41: (12.0 - 2.4) / 96 x 90 + 2.4 = 11.4
48: (9.1 - 1.9) / 80 x 90 + 1.9 = 10.0
```

Pengo la kilo 2.9 limeshuka hadi 1.4. Kisha kila mmoja namlinganisha na wenzake wa aina yake. Waliolelewa peke yao msimu huu wana wastani wa kilo 10.8 kwa siku 90. Mapacha wana 9.2. Kumbe wa 41 amewazidi wenzake kwa 0.6, na wa 48 kwa 0.8. Zizi dogo kama letu halitoi wastani wa kutegemea sana, kwa hiyo tofauti ya 0.2 peke yake nisingeitolea hukumu. Namgeukia mama.

Mama wa 48 amezaa mara tatu, mbili kati ya hizo mapacha, na watoto wote watano wamefika kuachishwa ziwa. Mama wa 41 amezaa mara nne, mmoja mmoja. Wa 48 anabaki. Simtarajii azae mapacha kila mara, kwa sababu kuzaa mapacha hurithiwa kidogo tu. Lishe ya jike kabla ya kupandwa ina nguvu kubwa. Ndiyo sababu uzazi mmoja wa mapacha haunishawishi, nataka kuona mama amerudia. Ukuaji wenyewe hurithiwa zaidi.

Saa 4 asubuhi. Majike wakubwa. Namba 17 ndiye anayesifiwa na kila mgeni: mgongo mpana, manyoya yanang'aa. Anang'aa kwa sababu hajanyonyesha msimu wa pili huu.

Mama mkwe amefika na kanga yake begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu mzuri hivi unamtoa, na yule mkondefu unamwacha?"

Yule mkondefu ndiye mama wa 48.

Msimu wa kwanza nilimsamehe 17, alitoka masika akiwa na minyoo na mbavu nje. Safari hii alikuwa na mwili mzuri, akakaa na beberu yule yule aliyewazalisha wenzake wote wa kundi lake. Beberu tulimpaka kifuani udongo mwekundu na mafuta ya kupikia. Kila baada ya siku 21 hivi, 17 alirudi na rangi kiunoni. Alikuwa akipata joto, akipandwa, na mimba haishiki.

Namwangalia beberu kwanza kwa sababu nimewahi kuungua. Miaka miwili iliyopita niliuza majike watatu kwa utasa, baadaye nikagundua beberu alikuwa na kende moja iliyovimba na ngumu. Nikiona wengi hawashiki, tatizo silitafuti kwa majike. Na jike akitupa mimba simwiti tasa: namtenga, sishiki uchafu ule kwa mikono mitupu, naita mtaalamu wa mifugo, maana baadhi ya magonjwa hayo humwambukiza binadamu.

Saa 8 mchana. Jua la Tanga, kila kiumbe kivulini. Nimebonyeza viwele vya kondoo. Mmoja nusu ya kiwele ni ngumu kama embe bichi. Alizaa mapacha, mmoja akafa kwa njaa. Tasa si yeye, lakini anaondoka.

Saa 11 jioni. Dalali amepiga simu, anamtaka 17 leo leo. Nimemkatalia. Alinyweshwa dawa ya minyoo siku 9 zilizopita, na chupa inasema nyama isiliwe kabla ya siku 14. Amenung'unika, akasema wengine hawaulizi.

Saa 1 usiku. Mitamba 7 wamepigwa alama daftarini. Wanne kati yao ni mabinti wa beberu huyu huyu, kwa hiyo kabla hawajapevuka lazima niende kwa jirani wa barabarani kubadilishana naye madume. Mama mkwe anapita na taa, anasimama mlangoni pa zizi la 17 muda mrefu.

"Basi mkia wa mafuta wa yule kondoo, mimi," anasema.