Barua ya Kiarabu niliyomwandikia mama mdogo kuhusu friza lake

Friza la mama mdogo hapa Maskati liliacha kugandisha mwaka wa tatu tangu anunue, akaenda dukani wakamwambia waranti imeisha, kama una malalamiko lete barua ya Kiarabu. Kadi yenyewe ya Kiingereza, hakuielewa, akanitumia picha yake kwa wasap na kuniambia "mwanangu nisomee hii wanavyosema kweli?"

Si kweli. Kadi ilisema mwaka 1 kwa friza zima, halafu chini kwa maandishi madogo sana, miaka 5 kwa kompresa, spea tu, ufundi juu ya mteja. Na fundi alishalipima, likiwashwa kompresa inanguruma kidogo inakata, inarudia hivyo hivyo, akasema kompresa imekufa na akaandika kwenye karatasi. Kwa hiyo barua yote niliijenga kwenye mstari ule mmoja. Sikuomba friza jipya wala pesa zirudi, maana ukiomba kisichokuwepo kwenye kadi wanakujibu hicho hicho tu na lile la haki yako linapotea.

Picha ilikuwa na mwanga wa flashi juu ya seriali namba, 8 na B hazitofautiki, nikamwambia mama asipige kadi tena, apige stika ya nyuma ya friza, pale namba inasomeka safi. Tarehe ya kununua ilikuwa 04/03, nikaangalia risiti ndo nikajua ni tarehe 4 mwezi wa 3, kwenye barua nikaandika mwezi kwa jina lake, Maris.

Kitu kilichonisumbua kweli ni seriali namba ndani ya Kiarabu. Inaanza na tarakimu, mfano `4071-KB8`, ukiiweka katikati ya sentensi inayotoka kulia kompyuta inaigeuza inaonekana `KB8-4071`, na mtu wa dukani akiisaka hivyo haipati. Kuiweka mstari wa peke yake hakutoshi, inabidi pia ubonyeze kile kitufe cha kuandika kushoto kwenda kulia kwa mstari huo tu, halafu uprinti uilinganishe na stika herufi kwa herufi.

Barua haikuzidi ukurasa: tahiya tayyiba wa baad, friza gani, limenunuliwa lini, fundi kaona nini, kadi inasema nini (maneno ya Kiingereza niliyaacha yalivyo kisha Kiarabu chake chini), tunaomba kompresa ibadilishwe na ufundi tutalipa sisi. Mwisho nikaweka kwamba wasipojibu ndani ya siku 10 tutapeleka kwa Mamlaka ya Kumlinda Mlaji kwa sheria namba 66 ya 2014. Nikaambatisha kopi ya risiti, kadi na karatasi ya fundi, na kopi yetu mama akagongewa muhuri wa kupokelewa, hapo alisimama kidete hadi wakagonga.

Wakapiga simu wenyewe. Kompresa wameweka mpya, mama kalipia ufundi na gesi.