Magharibi iliyoadhiniwa saa tisa alasiri: nilivyotoa taarifa za klipu zangu kwa exiftool

Kuna watu ukiwauliza jambo dogo la kompyuta wanakujibu kwa skripti. Mimi nilimuuliza mmoja wao, tena nikamlipa laki na ushee, na bado kazi ilirudi mikononi mwangu. Ninaandika haya ili ukipata kazi kama ile usilipe mtu.

Kazi yenyewe: mteja mmoja alinunua klipu zetu za Unguja, mamia kadhaa, zilizopigwa kwa Canon, droni na simu. Mkataba ulidai lahajedwali yenye jina la faili, kamera, lenzi, tarehe na saa, na mahali. Taarifa hizo nyingi zimo ndani ya faili zenyewe, maana kamera huziandika inaporekodi. Exiftool, programu ya bure ya Phil Harvey, huzisoma na kuzimwaga kwenye safu za CSV ambazo Excel huzifungua bila shida.

Jamaa yangu akaandika skripti iliyokuwa ikipita faili moja moja, kila faili ikiiwasha exiftool upya. Ilichukua muda wa kunywa chai na kurudi, na kwa kuwa kila mzunguko uliandika vichwa vya safu upya, lahajedwali ilikuwa na mstari wa vichwa, mstari wa data, mstari wa vichwa, mstari wa data, hadi chini. Exiftool hujua yenyewe kupita folda nzima. Unaitajia folda, unaongeza `-r` ili iingie na kwenye folda za ndani, basi. Ikisoma kwa `-csv` haionyeshi kitu mpaka imalize, kwa sababu inasubiri kujua safu zote kwanza, kwa hiyo usiizime ukidhani imekwama. Mwisho itakuambia imesoma "image files" kadhaa hata kama zote ni video. Usishtuke.

Vichwa vilivyojirudia nilivifuta. Kilichotutia aibu ni vingine viwili.

Cha kwanza ni mahali. Jamaa alitoa majira, yaani namba za latitudo na longitudo, kwa `-c "%.6f"`, ambayo humwaga kitu kama `6.161500 S`. Akaona ile herufi inamharibia namba, akaifuta kwa safu nzima. Sisi tuko kusini mwa ikweta, ile S ndiyo alama ya hasi! Forodhani iko kama -6.16 na 39.19. Ukiondoa hasi, unapata sehemu ya kusini mwa Ethiopia, na ramani ya mteja ikaonyesha jahazi zetu zikitweka tanga huko milimani. Dawa yake ni alama moja ya `#` baada ya jina la taarifa, mfano `-GPSLatitude#`, nayo hutoa namba tupu yenye hasi yake. Ukiwa Mombasa, Dodoma au Bujumbura jambo hili linakuhusu. Wa Kampala wamesalimika.

Cha pili ni saa, na hapa ndipo penye utamu. Mteja ni dada mmoja makini sana. Alifungua klipu ya simu iliyopigwa Forodhani, akaisikiliza mpaka mwisho, akanipigia.

"Kaka, samahani. Hapa naisikia adhana ya Magharibi, na jua nimeliona linazama. Lahajedwali yenu inasema 15:29. Huko Unguja Magharibi mnaadhini saa tisa na nusu alasiri?"

Nilicheka, halafu nikaona kuwa amenipa kipimo bora kuliko chochote nilichosoma. Mwezi wa nane, jua la Unguja huzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, yaani 18:29 inakubalika kabisa. Tofauti ni saa tatu kamili, na saa tatu kamili ndiyo tofauti yetu na UTC, saa ya kimataifa. Mfumo wa faili za MP4 na MOV unataka `CreateDate` iandikwe kwa UTC, na simu nyingi hutii. Exiftool kwa kawaida husoma kilichoandikwa na kukuonyesha kama kilivyo, haigeuzi. Ndiyo maana klipu zote za simu zilirudi nyuma saa tatu, na ukizipanga kwa saa pamoja na za Canon, machweo yanakuja kabla ya chai ya saa kumi alasiri.

Dawa inayosemwa kila mahali ni `-api QuickTimeUTC`, ambayo huigeuza saa iwe ya eneo la kompyuta yako. Ni kweli, lakini ukiitia kwa klipu zote umeharibu upande wa pili, kwa sababu kamera nyingi, Canon yangu ikiwamo, huandika pale pale saa ya ukutani uliyoiweka kwenye menyu. Hizo zitaruka saa tatu mbele, na klipu ya asubuhi sokoni Darajani itakuwa ya karibu na adhuhuri. Hakuna mahali ndani ya `CreateDate` panaposema "mimi ni UTC" au "mimi ni saa ya kwenu". Lazima ujue kamera kwa kamera.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kutenga folda tatu: `canon`, `droni`, `simu`. Kisha nikachukua klipu moja ya kila kamera na kuikagua yote:

```
exiftool -a -G1 -s MVI_4127.MP4
```

Hii humwaga kila taarifa pamoja na jina lake halisi na kundi lake, na majina hayo ndiyo utakayoyatumia baadaye. Usibuni jina, kila kamera ina yake. Kwenye Canon nilikuta `DateTimeOriginal` yenye saa ya hapa kwetu na `LensModel`. Kwenye simu nilikuta `CreateDate` ya UTC na majira ya GPS. Simu niliipima kwa adhana. Droni haina maikrofoni, kwa hiyo adhana haikusaidia, ila kwenye klipu yake ya kwanza ninaonekana chini nimesimama na Canon kwenye tripodi, nikiwa narekodi. Nikalinganisha saa za klipu hizo mbili: zilipishana saa tatu. Nayo ni ya UTC basi. Yako inaweza kuwa tofauti, hata kama ni ya kampuni ile ile, kwa hiyo pima.

Kipimo ambacho usikiamini kabisa ni `FileModifyDate`. Jamaa alikuwa ameijazia pale alipokosa saa. Hiyo ni tarehe ya faili kwenye diski, na hubadilika faili inapoguswa au inaponakiliwa vibaya.

Amri zangu zikawa hizi. Ya Canon:

```
exiftool -csv -r -ext mp4 -ext mov -d "%Y-%m-%d %H:%M:%S" -FileName -Model -LensModel -DateTimeOriginal canon > canon.csv
```

Ya simu, na ya droni ni hiyo hiyo ukibadili jina la folda na la faili:

```
exiftool -csv -r -ext mp4 -api QuickTimeUTC -d "%Y-%m-%d %H:%M:%S" -FileName -Model -CreateDate -GPSLatitude# -GPSLongitude# simu > simu.csv
```

Ile `-d` ina sababu. Exiftool kwa kawaida huandika tarehe kwa nukta pacha, `2024:08:14`, na Excel haiitambui kama tarehe, huiona maneno tu. Ukiandika kwa vistari inaitambua. Ukiiweka amri hii ndani ya faili la `.bat` la Windows, kila `%` iandikwe mara mbili. Na kama unafanyia kazi Ulaya au Marekani klipu za huku, kumbuka ile `-api` hugeuza kwa saa ya kompyuta, siyo ya Unguja. Kwenye Mac au Linux tanguliza `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` mbele ya amri.

Sasa saa zikakaa sawa, likabaki la mahali. Canon yangu haina GPS. Jamaa alishauri tukae tuangalie klipu moja moja tukumbuke ilipigwa wapi. Ahsante.

Mimi nina tabia, naijivunia: kila nikifika mahali, kabla sijafungua begi, napiga klipu fupi ya simu. Maana yake klipu za simu ni kama daftari la safari, kila moja ina saa na majira. Nikatengeneza ukurasa uitwao `simu`, safu A saa, safu B jina la mahali nililoliandika kwa mkono baada ya kuyaona majira kwenye ramani (mahali penyewe ni pachache). Nikaupanga kuanzia saa ya zamani kwenda mpya. Kwenye ukurasa wa Canon, ambako saa iko safu E kwa kuwa exiftool huanza na safu yake ya `SourceFile`, nikaandika:

```
=VLOOKUP(E2,simu!A:B,2,TRUE)
```

Ile `TRUE` mwishoni, ambayo kwa kazi nyingine huwa chanzo cha balaa, hapa ndiyo yenyewe: inatafuta saa ya mwisho isiyozidi ya klipu yako. `MVI_4127.MP4` ni ya 17:12. Simu iliguswa Forodhani 16:58, na ya mahali pengine iliyofuata ni ya Nungwi kesho yake 10:31. Jibu: Forodhani. Nikaburuta fomula hadi chini, mamia ya klipu yakapata mahali kabla sijamaliza kikombe.

Ina mipaka yake. Klipu za barabarani kwenda Nungwi zote zilijiita Forodhani, kwa sababu simu ilikuwa mfukoni. Nilizitambua haraka: ni za asubuhi, na Forodhani asubuhi ile hatukuwapo. Pia saa ya Canon huwekwa kwa mkono na huenda kombo polepole. Yangu ilikuwa mbele kama dakika nne, na nilijua kwa kurekodi skrini ya simu yenye saa. Ukiongeza `-globalTimeShift -0:04:00` kwenye amri, exiftool hupunguza dakika hizo inaposoma, na faili zenyewe haiziandiki chochote.

Klipu chache alizonitumia rafiki kwa programu ya kutumiana ujumbe hazikuwa na lolote, wala GPS wala kamera. Nikamwomba anitumie upya kama hati badala ya video, zikaja kamili. Zile zilizokwisha kupita kwenye programu ya kuhariri, nyingine zilikuja na tarehe ya sufuri tupu. Kwa hizo, tafuta faili asili.

Na lenzi? `LensModel` ilijaa vizuri kwa lenzi za Canon zenyewe. Lenzi za kampuni nyingine wakati mwingine hujitambulisha kwa namba ambayo lenzi nyingine pia inaitumia, kwa hiyo jina linaweza kuwa la jirani. Ile yangu ya zamani ya kuzungusha kwa mkono haina mawasiliano na kamera hata kidogo, na haikuleta jina la maana. Nikachuja mistari hiyo kwenye Excel, nikaandika jina la lenzi kwenye wa kwanza, nikaburuta. Mteja alipokea lahajedwali jioni ile, akafungua moja kwa moja mstari wa klipu ya Forodhani. Safari hii ulisema 18:29.