Siku moja maishani mwangu: kugeuza kodineti za pweza kuwa majina ya sehemu, hapa Tanga

Saa 2 asubuhi

Nipo ofisini Chumbageni, laptopu imewaka, chai ipo pembeni. Kazi ya leo ni jedwali la rekodi za pweza kutoka kwenye madiko, sehemu wavuvi wanapopandishia samaki, ya ukanda wetu, kuanzia jijini kushuka hadi Pangani, rekodi kama 1,400 hivi. Kila rou ina tarehe, kilo, jina la diko kama alivyoliandika mkusanyaji, afu latitudo na longitudo. Afisa uvuvi anayelisubiri hana kazi na -5.29, yeye anataka kijiji, kata na wilaya maana ndo anavyogawa ripoti zake. Na jina la mkusanyaji peke yake halitoshi coz diko moja wavuvi wanaliita hivi, wachuuzi wanaliita vile, kwenye jedwali linaonekana kama madiko mawili.

Saa 2 na nusu

Kabla sijatuma kitu kwenye ramani nazipanga zile kolamu mbili kutoka ndogo kwenda kubwa. Kwa eneo letu latitudo lazima iwe kati ya -4.5 na -6, longitudo kati ya 38.5 na 39.6, kilicho nje ya hapo kina kasoro. Zikatoka rou chache ambazo namba zimebadilishana nafasi, yani 39.13 imekaa kwenye latitudo na -5.05 kwenye longitudo, ukiziweka kwenye ramani pweza wa Sahare anavuliwa Uhispania, upande wa Badajoz, nchi kavu kabisa. Nyingine zimekosa alama ya kutoa, zikaangukia kusini mwa Ethiopia. Haya makosa siyaogopi, yanajitangaza yenyewe, unayarekebisha unaendelea.

Saa 3

Narusha skripti. Natumia Nominatim, huduma inayopokea kodineti na kurudisha jina la sehemu kutoka kwenye data ya OpenStreetMap, na sava yao ya bure hairuhusu zaidi ya ombi moja kwa sekunde, kwa hiyo nimeweka kipumziko na kila jibu nalihifadhi ili nisiombe kodineti ileile mara mbili. Ombi lenyewe liko hivi:

```
https://nominatim.openstreetmap.org/reverse?lat=-5.174&lon=39.033&zoom=14&format=jsonv2&accept-language=sw
```

Hapo kwenye `zoom` watu wengi hawapaangalii. Ukiweka 18 inatafuta hadi jengo, unaletewa jina la gesti iliyo karibu na diko, ukiweka 10 unabaki na mji tu. Na kitu ambacho natamani kila anayefanya hii kazi akijue, huduma hii haikuambii nukta yako iko ndani ya mpaka gani. Inatafuta kitu kilicho karibu kwenye ramani, barabara, kitongoji, chochote kinachofaa kwa hiyo `zoom`, afu inakupa anwani ya kile kitu. Kama sehemu haijachorwa vizuri, na vijiji vyetu vingi vya pwani havijachorwa vizuri, cha karibu kinaweza kuwa mbali na bado utapewa jina safi bila onyo lolote.

Saa 4 na nusu

Majibu yamerudi. Kata mara ipo kwenye `suburb`, mara kwenye `village`, mara haipo kabisa, hilo nitalimaliza baadaye. Sasa hivi naangalia kolamu mbili tu, jina aliloandika mkusanyaji na wilaya iliyotoka kwenye ramani, na hapo ndo nikaona kitu. Rou nyingi zimeandikwa Kigombe, wilaya inasema Jiji la Tanga. Kigombe iko Muheza jamani, ndo kipande cha Muheza kinachogusa bahari.

Ningekuwa sina ile kolamu ya jina la mkono ningepita tu, maana -5.174 na 39.033 ni namba nzuri, ziko ndani ya mipaka niliyoweka asubuhi, na jina lililotoka ni la sehemu ya kweli kabisa. Nikazimwaga kwenye QGIS, programu ya ramani. Zote zimekaa nchi kavu, mbali na ufukwe. Diko haliwezi kuwa porini.

Saa 5 na robo

Nampigia dada anayekusanya Kigombe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, hujambo? Hebu washa hiyo GPS uisome kama inavyoonekana, usiruke kitu."

"Inasema S 05, halafu nafasi, halafu 17.400. Chini E 039, nafasi, 03.300. Mi kwenye fomu naandika 5.17400, maana kile kisanduku kinakubali nukta moja tu."

Basi. Kifaa chake kinaonyesha nyuzi na dakika, fomu inataka nyuzi peke yake zenye desimali. Dakika 17.4 zimesomwa kama sehemu ya mia ya nyuzi wakati kwenye nyuzi moja kuna dakika 60. Hesabu yake ni hii:

```
=-(5+17.4/60)    → -5.29
=39+3.3/60       → 39.055
```

Tofauti ya latitudo ni nyuzi 0.116, na nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo pweza wa Kigombe amesogezwa karibu kilomita 13 kaskazini na kama mbili na nusu magharibi. Inatosha kumhamisha wilaya.

Kuna kipimo wanachofundisha, kwamba ukiona desimali zote haziji kuvuka .60 jua ni dakika. Kwetu hakisaidii. Ufukwe huu kuanzia jijini hadi Kigombe latitudo zinacheza 5.0 hadi 5.3 na longitudo 39.0 hadi 39.2, ziko chini ya .60 hata zikiwa sahihi. Ingekuwa Pangani mjini tungeshtuka mapema, 38.97 ingeandikwa 38.58, hiyo ni kilomita 43 ndani ya bara.

Saa 7

Wali na samaki.

Saa 8 mchana

Nimebadilisha rou za kifaa hicho tu. Madiko mengine wana simu zinazotoa desimali moja kwa moja, ukipitisha ile fomula kwa wote unaharibu zilizokuwa nzima. Kodineti za mwanzo nimeziacha kwenye kolamu zake, mpya zina kolamu zake.

Kwa kata sasa naachana na Nominatim, nachukua mipaka ya kata ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ile shepufaili ya sensa ya 2012, naunganisha kwa nukta kuwa ndani ya poligoni. Hii haibahatishi kitu cha karibu, aidha nukta imo au haimo. Tatizo lake ni ufukwe, mstari wa pwani umechorwa kwa kukata kona, diko lililo mchangani linabaki nje ya poligoni zote na jibu linakuja tupu. Hizo naziunganisha na kata ya karibu, nikiwa kwenye mfumo wa kodineti wa EPSG:32737 ili umbali utoke kwa mita, na umbali nauandika. Mita 60 kutoka kwenye mpaka naikubali. Kilomita 4 hapana, huyo mtu alichukua nukta akiwa kwenye mwamba anapovulia, na baharini hakuna kijiji, jina la ule mwamba analo mvuvi, ramani haina. Hizo nimeandika "baharini" pamoja na diko alilopandia.

Saa 10 jioni

Jedwali limeenda kwa afisa likiwa na kolamu ya ziada inayosema kila jina limepatikanaje: ndani ya mpaka, karibu na mpaka kwa mita ngapi, au baharini. Nimemwambia pia mipaka ni ya 2012, kata iliyogawanywa baada ya hapo itatokea kwa jina la zamani. Yule dada nimemwelekeza aingie kwenye seti za kifaa, abadilishe mtindo wa kuonyesha uwe `hddd.ddddd°`, akanitumia picha ya skrini, inasoma S 05.29000. Rekodi zake za kuanzia kesho hazipitishwi kwenye fomula, tarehe ya leo nimeiandika kwenye skripti.