Siku yangu saluni, na bega la kulia

Saa 2 asubuhi. Mteja wa kwanza anataka rasta ndogo ndogo za mpaka kiunoni. Hiyo ni kazi ya saa 6, na bega langu la kulia linanisumbua tangu mwaka jana, kwa hiyo kabla sijagusa chanuo napanga viti: kirefu, cha kawaida na kigoda.

Naanzia kisogoni. Mteja anakaa kwenye kiti kirefu na kuinamisha kichwa, mimi nakaa nyuma yake kwenye kile cha kawaida. Viwiko vyangu vinabaki karibu na mbavu.

Saa 4. Kila nikimaliza rasta nne nashusha mikono, naiacha ining'inie huku nikivuta pumzi tano. Nahesabu rasta kwa sababu ukishazama kwenye kusuka huangalii saa. Rasta haina uzito, ila msuli ulioshikilia mkono hewani bila kusogea hubana mishipa yake ya damu, ndiyo maana shingo na bega huwaka moto. Nikisubiri mpaka niumie ndipo nipumzike, nimeshachelewa.

Saa 5 na nusu tunafika utosini. Hapa ndipo nilipojiumiza. Miaka yote mteja alibaki kwenye kiti kilekile, nami nikasuka viwiko vikiwa juu kama mtu anayeanika nguo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionyesha kwa vidole vyake: kiwiko kikipita usawa wa bega, kano iliyo chini ya mfupa wa juu wa bega hubanwa, na ikibanwa kila siku huvimba.

"Mama, naomba uhamie kwenye kigoda."

"Tena?"

"Tena, mama. Nikuone utosi vizuri."

Anahama, mimi nasimama, na kichwa chake kinakuwa usawa wa kifua changu. Pembeni sinyooshi mkono kuvuka kichwa. Nazunguka nikasimame upande ninaosuka.

Saa 8 tunachovya ncha kwenye maji ya moto, halafu nakula.

Saa 9 anakuja dada wa kupiga draya, ana haraka, anawahi kwenye shughuli. Draya ina uzito na nywele zake ni ndefu. Huwa nabadilisha mkono kila fungu, leo nikasahau. Nilipomaliza, nikajaribu kuinua mkono kwa pembeni: ulipokaribia usawa wa bega ukachoma, nikaushusha, ukatulia. Hiyo ndiyo dalili yangu. Aliyekuja kusuka twende kilioni nikamkabidhi kwa mwenzangu, na hela yake ikaenda huko. Iliniuma, lakini mwaka jana nilikaza, nikakaa wiki tatu bila kusuka.

Saa 4 usiku nalalia ubavu wa kushoto, mto chini ya mkono wa kulia usianguke mbele. Maumivu yakiniamsha usiku, au mkono ukikosa nguvu ya kuinuka, narudi hospitali. Kesho mteja wa kwanza ni wa kufumua tu, kazi ya kukaa.