Taa nyekundu asubuhi ya Jumatano

Stima ilikuwepo. Hilo ndilo nililoangalia kwanza, maana hapa Maseno mtandao ukipotea tunailaumu stima kabla ya kitu kingine. Friji ilikuwa inanguruma kama kawaida, lakini kwenye kisanduku cha faiba ukutani taa ya PON ilikuwa imezimika na ile ya LOS inapepesa nyekundu.

Zamani ningezima na kuwasha rauta mara tano huku nikiomba. Siku hizi najua kwamba LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku, na kuzima na kuwasha hakuwezi kuuleta. Nilikagua tu ule waya mwembamba wa manjano usiwe umekunjwa au kuvutwa. Binti yangu ana miaka miwili, na kila kinachoning'inia anakiona ni chake. Ulikuwa salama, kwa hiyo kasoro ilikuwa nje ya nyumba.

Mama wa kibanda cha mboga ndiye aliyenipa habari kamili. Tingatinga linalochimba mtaro kando ya barabara lilikuwa limenyanyua waya mweusi pamoja na udongo. Nikampigia fundi. "Umekatika wote, boss. Tupe masaa matatu hivi." Nikazidisha mara mbili kimoyomoyo. Waya kama huo hauunganishwi kwa kufunga fundo. Ndani yake kuna nyuzi nyingi za kioo, kila moja na rangi yake, na fundi huanza na ya bluu, akaja ya chungwa, ya kijani, ya kahawia, na kuendelea. Kila uzi humenywa, husafishwa, hukatwa ncha iwe sawa kabisa, kisha huyeyushwa na mwenzake kwa mashine. Mvua ikinyesha wanasimama.

Simu nayo ilinichezea shere. Vijiti vya mtandao vimejaa, lakini kando yake kuna herufi E, ya mtandao wa zamani wa polepole. Vijiti vinakuambia tu jinsi simu inavyousikia mnara. Havisemi mnara wenyewe umeunganishwa na nini. Nashuku nao ulikuwa unategemea waya uleule. Maandishi yalipita taratibu. Kikao cha video kisingepita. Kwenda Kisumu ningeweza, lakini mke wangu alikuwa kazini na mimi ndiye niliyebaki na mtoto.

Mwezi uliopita nilipopatwa na haya niliandika, "Jamani mtandao unasumbua, narudi sasa hivi." Wenzangu wa kazi walikaa saa tatu nzima wakisubiri hiyo "sasa hivi". Mkuu wetu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa sisi tulitakiwa tufanye nini?" Swali hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo safari hii nilianza na kazi kabla ya ujumbe. Marekebisho ya ripoti ya mauzo yalikuwa kwenye laptopu yangu peke yake. Niliwasha hotspoti ya simu, nikaandika amri ya kuyapeleka kwenye hifadhi yetu ya pamoja:

```
git push origin ripoti-mauzo
```

Ni mistari michache ya maandishi tu, lakini ilichukua karibu dakika nne. Ilipokubali, ndipo nikawaandikia:

"Faiba imekatwa barabarani, na data ya simu ni dhaifu. Sitakuwa mtandaoni hadi 14:00 saa za Nairobi (13:00 Kigali). Ripoti ya mauzo inatakiwa 12:00: kazi yangu iko kwenye tawi ripoti-mauzo, imebaki kujumlisha mauzo ya Eldoret. Dada wa Mombasa, tafadhali imalizie. Kikao cha 11:00 endeleeni bila mimi. Saa 13:30 nitawaarifu, iwe imerudi au haijarudi. Kwa dharura nipigieni."

Saa niliziandika kwa tarakimu makusudi. Mwenzetu wa Kigali yuko nyuma yetu kwa saa moja, na ukimwandikia "saa nane" hujui kama atasoma mchana au asubuhi. Lile la 13:30 ndilo nililolifikiria zaidi. Faiba sikuweza kuiahidi, kwa kuwa haiko mikononi mwangu. Kutoa habari naweza, hata kwa herufi E.

Asubuhi iliyobaki nilimenya viazi na kujenga nyumba ya masanduku ya viatu. Saa saba na nusu faiba ilikuwa bado. Nikawaandikia hivyo, maneno saba. Saa nane kasorobo PON ikawaka kijani.

Ripoti ilikuwa imekwenda kwa wakati. Ila dada wa Mombasa alikuwa amenitafuta mara nne kuhusu jumla ya Eldoret, mwishowe akaikokotoa upya mwenyewe. Nikashangaa, maana simu haikulia hata mara moja. Kumbe alikuwa ananipigia kwa WhatsApp. Nilikuwa nimeandika "nipigieni" bila kusema simu ya kawaida, wala namba sikuiweka.