Kisima cha jirani kilivyonifanya nipige upya hesabu ya bezi za Kisauni

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, Kisauni, juu ya mchanga mtupu. Tulichimba shimo la majaribio mwezi wa Januari, jua kali, tukakuta maji mita 2.8 chini. Bezi za nguzo, yaani mabamba ya zege yanayobeba nguzo ardhini, nilizipanga mita 1.5 kwa 1.5, zikae mita 1 chini ya ardhi, kila moja ibebe kilonewtoni 350. Mchanga una pembe ya msuguano ya nyuzi 30, kwa hiyo jedwali la Terzaghi likanipa vizidishio viwili, Nq 22.5 na Nγ 19.7. Kwa bezi ya mraba kwenye mchanga, fomula ni hii:

```
qu = q·Nq + 0.4·γ·B·Nγ
```

qu ni mzigo wa mwisho ambao mchanga unaweza kubeba kwa mita ya mraba, q ni mkandamizo wa udongo ulio juu ya usawa wa kitako cha bezi, γ ni uzito wa mchanga kwa mita ya ujazo, na B ni upana wa bezi. Mchanga ule mkavukavu una uzito wa kilonewtoni 17 kwa mita ya ujazo. Sehemu ya kwanza, yaani udongo ulio pembeni juu ya kitako cha bezi, ikatoa 382. Ya pili, mchanga ulio chini ya bezi, ikatoa 201. Jumla 583; nikigawa kwa 3 kwa usalama, napata kilonewtoni 194 kwa mita ya mraba. Mzigo wangu ni 156. Nikaona nimemaliza.

Siku ya kupima viwanja nikaenda kuomba maji kwa bibi wa nyumba ya pili. Nilimwamkia, akanipa ndoo, akaniambia, "Mwanangu, wachimba msingi sasa? Maji haya hupanda. Mwaka ule wa El Ninyo twachota kwa kuinama tu, kamba hatuitaki." Nikachungulia kisimani. Mawe ya matumbawe ya ukutani yalikuwa na mstari mweusi wa ukungu mkavu. Nikateremsha utepe: sentimita 40 tu kutoka usawa wa ardhi.

Jioni ile nilirudi kwenye hesabu, na hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia, mchanga uliojaa maji ni mzito zaidi, kilonewtoni 19.5, nikaitia hiyo mahali pa 17 kwenye sehemu ya pili. Jibu likapanda hadi 204. Nililitazama jibu lile kwa muda mrefu. Maji yanawezaje kuupa mchanga nguvu? Mchanga hauna gundi. Nguvu yake ni punje kukandamizana na kusuguana. Maji huzielesha punje, yakapunguza mkandamizo. Kwa hiyo kinachofanya kazi si uzito wa mchanga na maji yake, bali uzito uliobaki baada ya kutoa ule wa maji: 19.5 kutoa 9.8, yaani 9.7. Pembe ya msuguano haibadiliki sana; ni uzito unaopotea, karibu nusu. Ukiona jibu lako limeongezeka maji yalipopanda, basi umesahau kutoa hiyo 9.8.

Sasa maji yakiwa sentimita 40 kutoka juu, sehemu zote mbili zinaguswa. Juu ya kitako cha bezi, sentimita 40 ni kavu na 60 zimezama: 0.4 × 17 + 0.6 × 9.7 = 12.6, badala ya 17. Mara 22.5 ni 284. Chini ya bezi natumia 9.7, napata 115. Jumla 399, kwa 3 ni 133. Mzigo wangu ni 156. Bezi zile zingeingia kwenye akiba ya usalama niliyoiweka.

Maji yakikaa chini ya kitako cha bezi, ndani ya kina kinacholingana na upana wake, ile sehemu ya kwanza haiguswi, na uzito wa chini huchanganywa kwa kipimo:

```
γm = γ' + (d/B)·(γ - γ')
```

d ni umbali kutoka kitako hadi kwenye maji, na γ' ni ile 9.7 iliyobaki baada ya kutoa uzito wa maji. Maji ya Januari yalikuwa mita 1.8 chini ya kitako, zaidi ya upana wa 1.5, kwa hiyo hayakugusa chochote. Shimo langu halikusema uongo. Lilisema habari za Januari.

Msimamizi mmoja alinishauri nikate 194 katikati, "kama kawaida". Naudhika na ushauri huo. Ningefika bezi za mita 1.9 bila sababu. Nilijaribu 1.6 ikakosa kidogo (mzigo 137, uwezo 135), nikaweka 1.7: mzigo 121, uwezo 138. Zege na chuma cha bezi zote kumi na mbili viliongeza kama elfu sitini hivi. Kutitia nilikupima peke yake, kwa sababu fomula hii haikusemei, na mchanga uliolowa hutitia zaidi.

Tulimwaga zege mwezi wa Februari, kuta za mashimo zikiwa bado zimesimama wima kwa ule unyevu mdogo. Mei, mvua za masika zilipokolea, nilirudi kwa bibi na utepe. Maji yalikuwa sentimita 70 kutoka juu.