Siku moja maishani mwangu: lita moja ya sodiamu kaboneti na maji yaliyojificha kwenye fuwele

Saa 1:15 asubuhi

Kazi ya leo katika maabara hii ya shule hapa Tabora ni lita moja ya mmumunyo sanifu wa sodiamu kaboneti, yaani ambao kiasi cha chumvi ndani yake kinajulikana kwa uhakika, moli 0.05 kwa lita, kwa ajili ya taitresheni ya kidato cha sita, ambapo asidi hutoka kwenye bureti tone kwa tone hadi kaboneti iishe. Kazi inaanzia stoo, na jambo la kwanza ni kusoma kopo, kwa sababu maneno "sodiamu kaboneti" peke yake hayatoshi. Chumvi hii huuzwa ikiwa kavu kabisa, Na2CO3, uzito wa moli gramu 106, au ikiwa na maji ya fuwele, Na2CO3·10H2O, gramu 286. Fomula iliyo kwenye lebo ndiyo inayoamua.

Kopo letu ni la aina ya pili. Moli moja ya maji ni gramu 18, kumi ni 180. Ongeza 106, unapata 286. Kwa hiyo kati ya kila gramu 100 za fuwele hizi, gramu 37 tu ndizo kaboneti. Gramu 63 ni maji, ingawa ukishika mkononi huoni unyevu wowote. Anayesahau hilo atapima gramu 5.30 kwa lita (106 mara 0.05), na mmumunyo wake utakuwa wa moli 0.0185. Mwanafunzi akitaitireti mililita 25 za mmumunyo huo kwa asidi hidrokloriki ya moli 0.1, bureti itaishia kwenye mililita 9.3 badala ya 25. Kosa kubwa hivyo hujitangaza lenyewe. Linalotusumbua leo ni dogo zaidi.

Saa 1:40

Kopo likifunguliwa, juu kuna unga mweupe kama chokaa, na chini, ukichimba kwa spachula, fuwele za kung'aa kama barafu. Fuwele zimepoteza maji. Hewa kavu ya kiangazi inatosha kuzinyonya. Isitoshe, chumvi hii ya maji kumi haivumilii joto linalozidi nyuzi 32 hivi; ikivuka hapo huanza kuyeyuka ndani ya maji yake yenyewe. Stoo yenye paa la mabati bila dari, mwezi wa Oktoba hapa Tabora, hufika huko mchana bila shida. Ukikuta kopo lina uji chini na ukoko juu, ndicho kilichotokea.

Unga ule mweupe mara nyingi unaelekea kwenye Na2CO3·H2O, yaani molekuli moja tu ya maji, uzito wa moli 124. Maana yake kopo hili halina tena uzito wa moli mmoja. Ukichota juu ni karibu na 124, ukichota chini ni karibu na 286. Lebo bado inasema 286, na lebo haikudanganya siku ilipobandikwa.

(Kila mwaka kuna anayependekeza tununue magadi sokoni yamalize shida. Magadi yana bikaboneti ndani yake, chumvi ya kawaida na udongo. Kwa maharage ni sawa, kwa mmumunyo sanifu hapana.)

Saa 2:00

Tunatoa kama gramu 40, za juu na za chini pamoja, tunazitwanga haraka kwenye kinu cha kaure na kuzichanganya mpaka rangi iwe moja. Kisha zinaingia kwenye chupa ndogo kavu yenye kifuniko cha kukaza. Haraka ina sababu: fuwele zilizopondwa hupoteza maji upesi kuliko nzima. Kuchanganya nako si hiari, maana sehemu tutakayoichunguza lazima ifanane na sehemu tutakayoipima baadaye.

Sasa tutachoma sehemu ya chumvi hiyo hadi maji yote yaondoke, ili tujue kaboneti iliyomo ni kiasi gani. Krusibo, chombo cha kuchomea, ikiwa tupu pamoja na kifuniko chake, imeshachomwa na kupozwa: gramu 31.46. Tunaweka chumvi mpaka mizani isome 36.46, yaani gramu 5.00. Kwa nini tano na si moja? Mizani yetu husoma hadi gramu 0.01. Kikibaki kitu cha gramu 2 hivi, kosa la 0.01 ni nusu asilimia. Kikibaki cha gramu 0.4, kosa lilelile linazidi asilimia 2, na hakuna hesabu itakayolirudisha.

Saa 2:20

Moto mdogo kwanza, kifuniko kikiwa kimeegeshwa upande. Chumvi itayeyuka, itachemka, na hapo ndipo hurukaruka kama mafuta yaliyoingia maji. Punje ikiruka nje, kaboneti imepotea, lakini hesabu yako itaihesabu kuwa ni maji yaliyoondoka. Ikikauka na kutulia, moto unaongezwa kwa robo saa. Krusibo inaenda kwa koleo kwenye desiketa, chombo kilichofungwa chenye hewa kavu, inapoa nusu saa, ndipo inapimwa. Ikipimwa ikiwa moto, hewa inayopanda kuizunguka huiinua na mizani husoma pungufu. Ikiachwa wazi mezani, nayo chumvi kavu hunyonya unyevu na kuongezeka.

Mara ya kwanza: 33.60. Tunachoma tena dakika kumi: 33.56. Mara ya tatu: 33.56. Namba imeganda, maji yameisha. Aliyeridhika na ile ya kwanza angebaki na maji kidogo ndani bila kujua.

Saa 4:30

Hesabu sasa. Kilichobaki ni 33.56 toa 31.46, gramu 2.10 za kaboneti kavu. Kilichoondoka ni gramu 2.90 za maji. Moli za kaboneti ni 2.10 gawanya kwa 106, yaani 0.0198. Moli za maji ni 2.90 gawanya kwa 18, yaani 0.161. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate x, idadi ya molekuli za maji kwa kila kaboneti moja: 8.13.

Mwalimu wa zamu, akichungulia daftari, anauliza: "Fundi, mbona si namba kamili? Au umekosea kupima?"

"Hapana, Mwalimu. Huu ni mchanganyiko. Zipo zenye kumi, zipo zenye moja. Hii nane na ushee ni wastani wao."

Ni swali zuri, kwa sababu vitabuni x hutoka namba kamili kila mara, na mwanafunzi hujifunza kuivuta 8.13 iwe 8 au hata 10 ili ipendeze. Hapa kuikadiria ni kuharibu kipimo. Uzito wa moli wa kutumia leo ni 106 jumlisha 8.13 mara 18, sawa na 252.3. Moli 0.05 ni gramu 12.62.

Ipo njia ya mkato, nami naipenda zaidi kwa kuwa haina x kabisa. Gramu 2.10 kati ya 5.00 ni 0.420, hiyo ndiyo sehemu ya kaboneti. Nahitaji gramu 5.30 za kaboneti kavu. 5.30 gawanya kwa 0.420 ni 12.62. Jibu ni lilelile, na nafasi za kukosea ni chache.

Kama tungeiamini lebo tungepima gramu 14.30. Mmumunyo ungekuwa wa moli 0.0567, yaani umezidi kwa asilimia 13, na mililita 25 zake zingetaka mililita 28.3 za asidi. Hiyo 28.3 ndiyo kosa la hatari: inafanana na jibu la kweli, darasa zima litapata namba zinazokubaliana, na wote watakuwa wamekosea kwa pamoja.

Saa 5:00

Chupa ndogo inafunguliwa, gramu 12.62 zinapimwa kwenye bika kavu, na maji yaliyokenekwa kama mililita 250 yanamiminwa. Maji ya bomba au ya kisima hayafai, kwani bikaboneti iliyomo ndani yake nayo hula asidi. Shika bika kwa chini: fuwele zenye maji mengi zikiyeyuka hupooza bika, ilhali chumvi kavu huipasha joto. Si kipimo, ila kopo lisilo na lebo hujisema kidogo hapo. Vyovyote vile, tunasubiri mmumunyo urudi kwenye joto la chumba, maana ujazo wa maji hubadilika na joto.

Kisha faneli, na flaski ya ujazo ya lita moja. Bika, fimbo ya kioo na faneli vinasuuzwa mara tatu kwa maji kidogo kidogo, yote yakiingia flaskini. Maji yanaongezwa hadi sentimita moja chini ya alama, yanayobaki ni kwa matone, jicho likiwa usawa wa alama na sehemu ya chini kabisa ya mbinuko wa maji ikiigusa. Ukipitiliza, mwaga uanze upya. Kunyonya ziada kwa pipeti hakusaidii, kwa sababu unatoa na chumvi. Funga, pindua juu chini mara ishirini. Shingo ya flaski huficha maji yasiyochanganyika.

Saa 8:00 mchana

Kuhakiki. Asidi ya moli 0.1 ilishapimwa jana kwa kaboneti kavu kutoka kichupa kidogo kilichobaki, ambacho hakitoshi kwa darasa lakini kinatosha kwa kazi hiyo. Mililita 25 za mmumunyo wetu, matone mawili ya methili oranji, asidi kwenye bureti. Rangi inatoka njano kwenda ya chungwa: 25.1, 25.0, 25.1. Tofauti ya 0.1 iko ndani ya ile nusu asilimia ya mizani.

Ingetoka 26 na zaidi, ningeshuku chumvi iliruka kwenye krusibo: kilichobaki kikionekana kidogo, tunapima chumvi nyingi kupita kiasi. Ingetoka chini ya 24.5, uchomaji haukukamilika.

Saa 9:30

Mmumunyo unahamia kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa kaboneti hugandisha vifuniko vya kioo. Lebo inaandikwa Na2CO3, moli 0.050 kwa lita, na tarehe. Hatuandiki ·10H2O wala ·8.13H2O, kwa sababu maji ya fuwele sasa yamechanganyika na maji mengine na hayana tena cha kuhesabiwa.

Chumvi iliyotwangwa na kubaki hairudi koponi. Kwenye chupa yake imeandikwa "0.420" na tarehe ya leo. Kesho kutwa namba hiyo itakuwa imebadilika, na krusibo itabidi irudi motoni.